Kola ya shati lako: jiulize kwanza kama kutakuwa na tai

Simama pale kivukoni Likoni asubuhi, uwatazame wanaume wanaovuka kwenda kazini kisiwani. Mashati ni safi na yamepigwa pasi vizuri, lakini kola nyingi zimelala. Bawa moja limeingia chini ya koti, jingine limejikunja kuelekea begani, na sehemu ya vifungo imezama kifuani kama shati limechoka kabla ya siku kuanza. Mwenye shati hulaumu kitambaa, au dobi, au mke wake aliyepiga pasi.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona mashati hapa Mombasa kwa zaidi ya miaka ishirini, na mara nyingi nikiletewa shati la namna hiyo sikuti kosa lolote kwenye kitambaa. Kosa ni kwamba kola ile ilikatwa ifungwe tai, na mwenyewe anaivaa bila tai. Joto la huku linatufanya tufungue kifungo cha juu hata pale tunapovaa koti. Basi kabla hujaniambia unataka kola gani, mimi hukuuliza swali moja: shati hili litafungwa tai au halitafungwa? Mengine yote hufuata hapo.

Wazee wetu huiita kola ukosi, na neno hilo hilo ndilo jina la nyuma ya shingo. Ni jina linalosaidia, kwa sababu kola hubebwa na ukosi. Mbele ni mapambo tu. Kola ya shati la kawaida ina vipande viwili. Cha kwanza ni mkanda unaozunguka shingo na kubeba kifungo cha juu kabisa. Huo ndio bendi. Cha pili ni kile kinachokunjwa juu ya bendi kikashuka mbele kwa ncha mbili. Hicho mimi hukiita bawa. Ndani ya vipande vyote viwili kuna kitambaa kigumu cha kuipa kola nguvu, ambacho mafundi wengi hukiita kanvasi.

Kinachobadilisha sura ya mtu ni mambo matatu: bendi imesimama juu kiasi gani, ncha za bawa zina urefu gani, na ncha hizo mbili zimeachana umbali gani shati likiwa limefungwa. Ncha ndefu zilizokaribiana huvuta jicho chini, hivyo uso mpana huonekana mrefu kidogo. Ncha fupi zilizoachana huvuta jicho pembeni, na uso mwembamba hupata upana. Bendi ndefu hula shingo. Bendi fupi huiacha ionekane. Mtu mwenye shingo fupi akivaa bendi ndefu, kichwa chake huonekana kimewekwa moja kwa moja juu ya mabega.

Kola zilizotengenezwa kwa ajili ya tai ni zile zenye mabawa yaliyotanuka. Kwenye kola ya kawaida kabisa, ile ya sare za shule na mashati ya bei nafuu, ncha zimekaribiana, na kati yake kuna nafasi ya inchi tatu hivi. Ukiitanua mpaka inchi nne na nusu au tano, unapata ile wanayoiita kola ya spredi. Ukiendelea kuyarudisha mabawa nyuma mpaka ukingo wake wa mbele unakaribia kuwa mstari mmoja ulionyooka kutoka bega hadi bega, hiyo ni katawei. Vipimo hivi ni vyangu vya mezani. Fundi mwingine atakupa tofauti ya robo inchi na atakuwa sawa.

Spredi ina faida moja kubwa ukivaa koti: ncha zake hujificha chini ya mabawa ya koti. Kola ya ncha zilizokaribiana huziacha ncha zikielea juu ya tai, na ukigeuza kichwa, moja huruka nje. Lakini kadiri mabawa yanavyotanuka ndivyo nafasi ya fundo la tai inavyokuwa kubwa, na nafasi hiyo lazima ijazwe. Fundo jembamba la kawaida ndani ya katawei huonekana kama mlango mkubwa wenye kitasa kidogo. Utaona pia ule mkanda wa tai ukipita pande zote mbili za fundo, jambo ambalo wapenda katawei hulifurahia na wengine huliona kama mtu hajamaliza kuvaa.

Ndiyo maana watu hutaja fundo la Windsa kila wanapozungumzia kola pana. Fundo hilo limepewa jina la mtawala wa Windsa, yule aliyekuwa Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza akaacha kiti mwaka 1936. La kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe hakulifunga. Alifunga fundo la kawaida, ila tai zake zilishonwa na kitambaa kinene ndani ili fundo litoke pana. Nalisema hili kwa sababu vijana wengi huhangaika mbele ya kioo na fundo la kuzungusha mara nne, na tai ikabaki fupi juu ya kitovu, ilhali tai nene kidogo ingewamalizia kazi.

Acha nieleze kazi moja kwa kirefu, maana vipimo bila mtu havina maana.

Alinijia kijana aliyeitwa kwa mahojiano ya kazi, na wiki mbili baadaye ndugu yake alikuwa anaoa. Alikuwa na pesa za shati jeupe moja. Alikuja na picha kwenye simu, mchambuzi wa mpira wa runinga, mtu mrefu mwenye shingo kama twiga na katawei iliyosimama imara. "Fundi, nataka kola hii hii," akaniambia.

Nilimpima. Tepu huzungushwa chini ya kikoromeo, pale kola itakapokaa, na tepu isikazwe. Shingo yake ilikuwa inchi kumi na sita. Kwa pamba ambayo haijafuliwa huwa naongeza nusu inchi ya kupumua na robo ya kusinyaa. Uso wake ulikuwa wa duara, mashavu yamejaa, na shingo fupi: kutoka ncha ya sikio hadi pale bega linapoanzia hapakuwa na nafasi kubwa. Nikamwambia, "Mwanangu, kola ya huyu bwana imemsaidia kwa sababu uso wake ni mwembamba. Wewe itakuongeza mashavu." Hakupenda, lakini alikaa.

Nina kola za majaribio, nimezishona kwa vitambaa vilivyobaki na kila moja ina kifungo chake. Nilimfunga katawei kwanza akajitazama, halafu nikamfunga kola ya ncha za inchi tatu zilizoachana inchi nne, yaani kati ya ile ya kawaida na spredi. Sikuhitaji kusema zaidi. Ile ya pili ilishusha macho kutoka mashavuni hadi kifuani. Bendi nilimkatia inchi moja tu mbele, badala ya inchi moja na robo ninayotumia kwa wengi, na nyuma inchi moja na robo. Robo hiyo inaonekana ndogo kwenye tepu, lakini kwa shingo fupi ndiyo tofauti kati ya mtu anayepumua na mtu aliyekabwa.

Sasa likaja lile swali langu. Kwenye mahojiano angefunga tai. Harusini, baada ya ndoa, angeivua, na baada ya hapo shati lingekuwa la kazini, bila tai miaka yote. Kola ilibidi ifanye kazi zote mbili. Hapo mafundi wengi hukimbilia kuweka kanvasi ngumu sana kwenye bawa. Bawa gumu husimama, ni kweli, lakini husimama kama kadibodi, na shingo hukwaruzika ikichanganyika na jasho. Mimi huweka kanvasi ngumu kwenye bendi na ya wastani kwenye bawa. Kinachoizuia kola isianguke ukifungua kifungo ni bendi. Bendi ikiwa imara mbele, pale kwenye kifungo na tundu lake, bawa linapata kitu cha kulishika.

Jambo la pili, ambalo wenye mashati hawaliulizi kamwe, ni mahali pa kifungo cha pili. Ukifungua kifungo cha juu, uwazi wa shati unaamuliwa na kifungo kinachofuata. Kikiwa inchi mbili tu chini ya kola, uwazi ni mdogo mno, na kola inasukumwa juu kila ukikaa. Kikiwa inchi nne, kifua kiko nje na mabawa yanaanguka pembeni kwa kukosa cha kuyavuta. Kwa kijana huyu niliweka inchi mbili na robo tatu. Nilimwambia pia alifue shati mara moja kabla ya mahojiano, si kwa usafi, bali tuone limesinyaa kiasi gani. Alirudi nalo, nikapitisha kidole kimoja kati ya kola na shingo yake, kikapita bila kulazimishwa. Hicho ndicho kipimo: vidole viwili vikipita, kola ni kubwa na tai itaikunja, kidole kisipopita, ni ndogo, na saa sita mchana atafungua kifungo nyuma ya tai kama tunavyowaona wengi.

Lakini kama angeniambia hatafunga tai hata siku moja, nisingemshonea kola hiyo. Ningemshonea batani-daun, yaani kola ambayo ncha zake zina vitundu na hufungwa kwa vifungo vidogo kwenye shati lenyewe. Nadhani ndiyo kola inayofaa zaidi kwa mtu wa ofisini hapa Pwani, na inasikitisha kwamba mafundi wengi huishona vibaya.

Asili yake si ofisini. Wachezaji wa polo wa Uingereza walifunga ncha za kola zao ili zisiwapige usoni farasi wanapokimbia. Mwishoni mwa karne ya 19, mjukuu mmoja wa mwanzilishi wa kampuni ya Brooks Brothers ya New York aliwaona huko, akaipeleka Marekani, na kampuni hiyo ikaanza kuuza mashati ya aina hiyo. Kwa hiyo tangu mwanzo ni kola ya mtu anayetembea na kutoka jasho na hataki kola imsumbue. Kivuko chetu kina upepo, na kwenye pikipiki ni zaidi.

Uzuri wa batani-daun uko kwenye mkunjo. Bawa hukatwa refu kidogo, inchi tatu na robo hadi tatu na nusu, na vile vifungo vidogo huwekwa karibu kidogo kuliko pale ncha ingefika kama bawa lingelala bapa. Ile nafasi iliyobaki hulifanya bawa lijikunje kwa kuvimba, kama tanga lililoshika upepo kidogo. Kanvasi yake lazima iwe laini. Wengine hawaweki kabisa kwenye bawa. Mafundi wanaokosea hukata bawa fupi la shati la kawaida, wakaweka kanvasi ngumu ya kugandisha, kisha wakashona vifungo pale pale ncha inapofika. Matokeo ni kola bapa iliyobanwa kama bahasha iliyofungwa kwa gundi. Ukitaka kuijua nzuri, itazame kwa pembeni. Ukiona uvimbe mwembamba kati ya kunjo la juu na kifungo, fundi alijua anachofanya.

Kwa sura, batani-daun ni ya urafiki zaidi kuliko spredi. Haina makali. Ukiifungua kifungo cha juu ikiwa chini ya koti, ncha haziwezi kukimbia, na uwazi wa shingo unabaki umbo la herufi V lenye pande mbili sawa. Kwa tai rasmi na suti nyeusi mimi siipendi, ingawa Wamarekani huivaa hivyo bila wasiwasi. Kwa mahakamani au kwenye mahojiano ya benki, chagua nyingine. Na usiache vile vifungo vidogo vikiwa wazi ukidhani ni mtindo. Bawa limekatwa refu kwa ajili ya kufungwa, na likiachwa huning'inia kama masikio ya mbuzi.

Kola ya kempu inafungua shingo zaidi ya zote, na wengi mnayo kabatini bila kujua jina. Ni ile ya mashati ya kitenge ya mikono mifupi, yale ya maua ya watalii, na ya Hawaii ambako mashati yao ya maua yalianza kuvuma miaka ya 1930. Haina bendi. Bawa linashonwa moja kwa moja kwenye shingo ya shati, na upande wa ndani wa sehemu ya vifungo unageuzwa nje, ukafanya bawa dogo kama la koti. Kwa sababu hakuna bendi, hakuna kitu kinachogusa shingo mbele, na hewa hupita. Hii ndiyo kola ambayo nadhani ilifaa kubuniwa Mombasa.

Humfaa mwenye shingo fupi na uso mpana kuliko kola nyingine yoyote, kwa sababu V yake huchora shingo mahali ambapo hakuna. Mwembamba sana hupata shida kidogo, mifupa ya kifua hutoka nje. Basi fundi apandishe kifungo cha kwanza kwa inchi moja. Kitu kinachoiharibu ni kitambaa kigumu. Inataka rayoni, kitani chepesi au pamba laini inayoanguka. Ukiishona kwa kitambaa cha shati la ofisini, mabawa yanasimama yakiangalia pembeni na hayalali hata kwa pasi. Na haina njia ya kufungwa tai. Usijaribu.

Suti ya Kaunda, iliyochukua jina la rais wa kwanza wa Zambia, ina kola ya ukoo huu huu: bapa, wazi, bila tai. Ndiyo maana ilizua mjadala hapa nchini. Mwaka 2023 Rais William Ruto alionekana nayo mara kwa mara na mafundi wakapata kazi, kisha mwezi wa Novemba mwaka huo huo Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, akaipiga marufuku bungeni. Masharti ya mavazi ya wabunge wanaume yanataja koti, kola, tai, shati la mikono mirefu na suruali ndefu, pamoja na soksi na viatu. Mtu anaweza kusema kola ya Kaunda nayo ni kola. Lakini soma orodha yote: kola imetajwa kando ya tai, yaani kola inayoweza kubeba fundo. Bila bendi, fundo halina pa kukaa. Kama unashona nguo ya mahali penye masharti ya aina hiyo, suti ya Kaunda haitakuvusha mlangoni hata ikishonwa na fundi bora wa Biashara Street.

Kinyume cha kempu ni kola ya bendi tupu, ambayo sokoni huitwa kola ya Kichina. Kempu ina bawa bila bendi. Hii ina bendi bila bawa. Kwa usahihi kuna mbili. Ya Kichina hasa, ncha zake mbili hukutana mbele bila kupandana. Ya bendi hupandana na kufungwa kwa kifungo kama shati la kawaida, na historia yake ni ya kufulia nguo. Zamani Ulaya na Marekani shati na kola vilitenganishwa: bendi ilishonwa kwenye shati, na kola ngumu ilibandikwa kwa vishikizo ili ifuliwe peke yake. Husimuliwa kwamba mwaka 1827 Hannah Montague wa mji wa Troy, New York, alichoka kufua shati zima la mumewe kwa sababu ya kola chafu, akaikata kola na kuifua kando. Mji ule baadaye ulijaa viwanda vya kola. Mfanyakazi aliyekuwa hana haja na kola rasmi aliliacha shati na bendi yake tu, na sura ile ndiyo tunayoinunua leo kama mtindo.

Watu wa Pwani hawana ugeni na bendi. Kanzu ya Kiomani haina kola kabisa, ina shada linaloning'inia shingoni, lakini kanzu zinazokuja kwa mtindo wa Saudia nyingi zina bendi iliyosimama, na nyingine zina mabawa kamili kama shati. Tazama siku ya Idd utaziona zote katika safu moja. Bendi huurefusha uso na kuusafisha. Hakuna ncha, hakuna mistari ya kushindana na ndevu. Mwenye ndevu nyingi hupendeza nayo kuliko mwenye kidevu kilichojaa, maana bendi husukuma nyama ya kidevu juu. Kwa shingo fupi, ishushwe hadi robo tatu ya inchi, na iwe laini.

Shida yake huonekana pale unapovaa koti juu yake, kama bwana harusi anavyovaa koti juu ya kanzu. Kola ya shati la kawaida huzidi kola ya koti kwa nusu inchi nyuma, na ile nusu inchi inalilinda koti na jasho la ukosi. Bendi ya robo tatu ya inchi hailifikii hilo. Jasho na mafuta ya nywele huenda kwenye koti, na koti halifuliwi kila wiki. Ukijua utavaa koti, mwambie fundi aipandishe bendi nyuma hadi inchi moja na robo hata kama mbele ni fupi. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwenye karatasi ya kukatia, lakini haiwezekani tena nguo ikishashonwa.

Neno kuhusu mitumba, maana wengi wetu tunanunua Kongowea. Namba iliyoandikwa ndani ya kola, tuseme 15½ au 16, ni inchi za shingo, lakini shati limeshafuliwa mara nyingi. Litandaze, pima kutoka katikati ya kifungo cha juu hadi mwisho wa tundu lake. Hiyo ndiyo saizi yake ya leo. Kisha pitisha kidole gumba juu ya bawa. Ukihisi au ukiona mapovu madogo, kanvasi ya gundi imeachia kwa moto wa pasi na maji ya moto. Pasi inaweza kuyalaza kwa siku moja, yatarudi. Liache shati hilo hata likiwa na jina kubwa. Lakini kola iliyochakaa tu kwenye kunjo, pale ndevu zinapoisugua, usiiogope.

Kola ya namna hiyo inageuzwa. Fundi anafumua mshono unaoshika bawa kwenye bendi, analigeuza bawa ili upande wa chini uwe juu, analirudisha na kushona. Hakikisha tu kwamba upande wa chini hauna vile vifuko vya vijiti vya plastiki vya kunyoosha ncha, kwa sababu ukigeuza vitakuwa juu na kila mtu ataviona. Kama vipo, au kama pande zote mbili zimekwisha, mimi hulitoa bawa kabisa, nikaufunga mdomo wa bendi kwa mshono mmoja wa ukingoni, nikarudisha shati kwa mwenyewe likiwa na kola ya bendi. Ni kile kile alichokifanya yule mama wa Troy, ila sisi hatulirudishi bawa baada ya kufua. Kabla ya kufumua huwa natazama bendi yenyewe kwa ndani, pale ukosi unapokaa. Ikiwa imetoboka huko, hakuna bawa wala bendi itakayoliokoa shati hilo, na nalikata vitambaa vya kujaribia kola.